Nimempa mteja pole kwa Kiingereza, yule bwana kaniuliza "nani amekufa?" mbele ya ofisi nzima

Kitasa_cha_Getini

Wakuu, nipo kwenye daladala, mikono bado inatetemeka, nisiposema leo nitapasuka.

Yule bwana mnamjua. Yule wa ghorofa ya pili, miwani inaning'inia shingoni, anayeongea Kiingereza kana kwamba alinyonyeshwa nacho. Asubuhi kwenye kikao kawasha projekta, kaitandaza imeili yangu ukutani, herufi kubwa kama tangazo la mnada. Akaisoma yote. Akavua miwani. Akanigeukia: "Nani amekufa?"

Nani amekufa! Mbele ya watu kumi na saba, na mama wa chai amesimama na birika hajui amimine au asubiri. Idara ya uhasibu walicheka mpaka kiyoyozi kikazima.

Habari yenyewe hii hapa. Sisi ni mawakala wa forodha, mzigo wa Zambia unapita kwetu. Mteja wa Lusaka kontena lake la vigae limekaa bandarini, storeji ikapanda, kwa sababu muuzaji wake alichelewa kutuma hati halisi ya shehena. Bila hati ile hakuna tunachoweza kufanya. Sasa mtu kapata hasara, mimi nimelelewa, kwetu mtu akipatwa anapewa pole kwanza, mengine yanafuata. Nikampa pole:

```
Sorry for the delay of your container
and sorry for the storage charges.
```

Nikalala vizuri kabisa. Naamka nakuta hii:

```
Thank you for accepting responsibility.
Please send a credit note for the storage.
```

Nimekubali nini? Nimekubali lini? Nimempa mtu pole, anataka nimlipie storeji!

Na yule bwana, mwenye miaka yote hiyo kazini, angeniita pembeni akanionyesha neno lililoniponza, ningemshukuru. Hapana. "Nani amekufa?" Jioni natoka getini, mlinzi, ambaye hata kwenye kikao hakuwepo, ananishika mkono: "Kaka, nimesikia, pole kwa msiba."

Chumvi_Nyingi

Poleni sana wafiwa. Mazishi ni Kinondoni au mnasafirisha?

Kitasa_cha_Getini

Wewe ndio walewale.

Mzee_wa_Manifesti

Kijana, punguza jazba. Nimeandika barua za mizigo tangu enzi za teleksi, na kosa hili nimeliona kwa watu wenye vyeo kuliko huyo bwana wako.

Kiswahili kimetugawia maneno mawili. Pole ni ya aliyepatwa, samahani ni ya uliyemkosea. Ukinikanyaga mguu ukaniambia "pole" halafu ukaenda zako, nitakushangaa, maana nangoja samahani. Mwingereza anayo sori moja, nayo inabeba yote mawili. Sasa msomaji atajuaje umempa ipi? Anatazama kinachofuata. Ukiandika "sorry for" halafu ukataja kitu ambacho huenda ni kazi ya mikono yako, kama kuchelewa, gharama au usumbufu, atasoma samahani. Ukiandika "sorry to hear", atasoma pole, kwa sababu wewe umesikia tu, hukutenda.

Kuna mahali "sorry for" inabaki kuwa pole, nako ni pale ambapo jambo lenyewe haliwezi kuwa kosa lako. Hapo msiba ndio wa kwanza: "sorry for your loss". Kwa hiyo bwana wako alipouliza nani amekufa, alikuwa ameona kitu cha kweli. Sentensi yako ina njia mbili tu za kusomeka, ama kuna msiba ama umekiri kosa. Adabu ya kukuambia ndiyo aliyoikosa.

Hati ya shehena ilifika lini, na meli ilishusha lini?

Kitasa_cha_Getini

Meli ilimaliza kushusha tarehe 5 Mei. Hati imefika mezani kwangu tarehe 14, na siku hiyohiyo nikaingiza maombi ya forodha. Siku hiyohiyo mzee! Halafu nasimamishwa ukutani kama mwizi wa kuku, "nani amekufa?"

Mzee_wa_Manifesti

Basi barua yako unayo tayari, ila uliiandika kwa moyo ukasahau tarehe.

```
I was sorry to hear about the storage charges.
Your container was discharged on 5 May. The original
bill of lading reached us on 14 May, and we lodged
the customs entry the same day.
```

Pole yako imebaki palepale, mstari wa kwanza, hujawa mkavu. Muuzaji hujamtukana wala hukusema "kosa si letu", maneno ambayo yangemkasirisha mteja bure. Tarehe mbili zinaongea zenyewe, siku tisa anazihesabu mwenyewe kwa vidole.

Na sasa usimwandikie kwamba hukumaanisha sori. Ukianza kuivuta ile sori unamfanya aishike kwa nguvu zaidi. Anza na "To clarify the dates", weka hizo tarehe mbili, ambatanisha picha ya bahasha ya courier yenye muhuri wa kupokelewa, nyamaza.

Ila nikuonye. Siku ambayo kosa ni lenu kweli, hati imelala kwenye droo yako wiki nzima, usijifiche nyuma ya "sorry to hear". Mteja akijua ukweli ataona unamsikitikia kwa kidonda ulichomtia mwenyewe. Hapo andika "We apologise for" na utaje mlichokosea.

Jogoo_wa_Toronto

Ndugu zangu, mbona mnahangaika? Huku Ontario kuna sheria, Apology Act ya 2009, inasema kuomba radhi si kukiri kosa. British Columbia wana yao tangu 2006. Mwambie mteja sori haina nguvu yoyote, afunge mdomo.

Mzee_wa_Manifesti

Sheria unayoitaja ipo, na ni ya huko Ontario. Inazuia radhi isigeuzwe ushahidi wa kukiri kosa mbele ya hakimu. Huyu wa Lusaka hajaenda kwa hakimu, yuko mezani na ankara, anatafuta mahali pa kupunguza. Kama hatalipa storeji hadi apewe hiyo kredit noti, utamsomea sheria ya Ontario kwenye simu?

Bint_Saruji

Mimi naona sori ifutwe kabisa ofisini. Tumieni "regret". "We regret the delay." Inasikitika bila kukiri, na ina heshima.

Mzee_wa_Manifesti

Nusu yake nakubali. Kwa kumnyima mtu kitu, "We regret that we are unable to", inafaa sana. Lakini "We regret the delay" ukiituma wewe uliyeshika mzigo, wengi wataisoma kuwa ni radhi ileile iliyovaa tai.

Bint_Saruji

Miaka sita naitumia na sijawahi kudaiwa hata senti. Siiachi.

Kontena_Nusu

Samahani wakuu, storeji inahesabiwa kwa siku au kwa wiki? Nina gari linaingia mwezi ujao, Noah. Na je, nikiwaambia sori bandarini wananipunguzia?

Chumvi_Nyingi

Waambie "sorry for your loss".

Kitasa_cha_Getini

Jamani, hapa kuna mtu kadhalilishwa! Mama wa chai mpaka sasa hivi ananiangalia kwa huruma, kaniwekea maandazi mawili badala ya moja. Nani amekufa!

Mswahili_wa_Likoni

Wewe umekula maandazi, ushukuru. Mimi wa Mombasa, nilikuwa na mteja Mwingereza wa chai, mtu wa haraka, hapendi mchezo. Nikamwandikia, nikifikiria saa nne asubuhi:

```
Let us talk tomorrow at 4 in the morning.
```

Nimeamka saa kumi na mbili, nimeswali, nimekula mahamri yangu na mbaazi, nafungua simu: ujumbe wa saa kumi alfajiri, "I am here." Mwingine wa na robo, "Are you joining?" Kule London ilikuwa saa nane usiku, alijiwekea kengele mtu wa watu! Mimi saa yangu inaanzia jua likichomoza, yeye yake inaanzia usiku wa manane, na kati yetu zimelala saa sita. Bosi wangu alinipa jina la Daku mpaka nikahama ile kampuni.

Tangu siku ile siandiki "morning" wala "evening" peke yake. Naandika `10:00 EAT (UTC+3)`, na nikishamaliza naitazama ile kumi najiuliza, jua liko wapi hapo?

Bint_Saruji

Hiyo ya saa ni ya watu wa pwani, sisi wengine tunajua kutofautisha.

Mswahili_wa_Likoni

Dada, kwani wewe saa nne asubuhi unaiita saa kumi? Kila anayesema Kiswahili anaongeza au kupunguza sita kichwani. Siku umechoka, hukuongeza. Basi.

Binamu_wa_Mtoni

Yote hayo madogo. Mnanunua mnauza, hamjaulizwa swali la kukanusha. Mteja aliniuliza:

```
Have you not received our payment?
```

Nikajibu "Yes." Kwetu mtu akikuuliza "hujapata?" unamjibu "ndiyo", maana yake ndiyo, kama ulivyosema, sijapata. Yeye akasoma pesa imefika. Akafunga faili. Nimeikimbiza ile pesa wiki tatu, kila nikiuliza ananirudishia "Yes" yangu mwenyewe. Mkiulizwa hivyo msijibu kwa neno moja, andikeni sentensi nzima: "We have not received it."

Jogoo_wa_Toronto

Huku hata wazawa wanajichanganya hapo.

Binamu_wa_Mtoni

Wazawa hawajaidai kampuni ya watu wiki tatu.

Kitasa_cha_Getini

Nimetuma ile ya mzee na picha ya bahasha. Mteja kajibu "Noted." Noted ndiyo nini sasa? Amekubali au amekasirika?

Mswahili_wa_Likoni

Hiyo inategemea aliandika saa ngapi.

Mzee_wa_Manifesti

Amesoma. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Subiri ankara ijayo uone kama atakata.

Bint_Saruji

Mngeandika "regret".

Kontena_Nusu

Bado sijajibiwa kuhusu Noah.

Binamu_wa_Mtoni

Hujajibiwa?

Kontena_Nusu

Ndiyo.