Naomba ushauri: Thrawn wa Star Wars amerudi, je, kitabu chake cha zamani nacho kinahesabika?

Wakuu, salamu kutoka Ujiji, Kigoma. Mimi na mdogo wangu tunabishana kuhusu Star Wars. Riwaya ya mwaka 1999 ilimuua mhusika Chewbacca. Mwaka 2014 Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, wakaziondoa riwaya na hadithi za vitabu vya katuni za zamani kwenye historia rasmi, wakaziita Legends, na filamu ya 2015 ikamwonyesha akiwa mzima. Hapo hatugombani.

Shida ni mhusika mwingine, Thrawn. Alizaliwa kwenye riwaya ya 1991, ikaenda Legends, kisha 2016 akarudishwa kwenye katuni ya Rebels. Dogo anasema basi riwaya ile imefufuka naye. Mimi naona amerudi mhusika tu. Matukio ya riwaya ile yanahesabika pale tu kazi mpya inapoyarudia. Nyie mnapimaje?