Apu ya stoo imenipa bati 35 hewa, msiniambie tena "mtandao wako mbovu"

Misumari_Masasi:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi. Kaunta iko barabarani, stoo iko mtaa wa nyuma, na kila upande una simu yenye apu ya kuhesabu mzigo ninayoilipia kila mwezi. Waliniuzia kwa maneno haya: inafanya kazi hata bila mtandao. Ni kweli inafanya kazi. Kazi ya kunidanganya.

Jumamosi asubuhi simu zote mbili zilionyesha bati za geji 28 ni 120. Saa tatu mtandao ukakata. Kijana wa kaunta akauza 35, simu yake ikasoma 85. Mimi stoo nikashusha 60 kwenye lori, yangu ikasoma 180. Jioni mtandao ukarudi, ya kaunta ikatangulia kutuma, yangu ikafuata, na zote mbili zikaandika 180. Jumatatu kaja fundi na hela ya bati 150, mteja wake kalipwa korosho. Nikaangalia simu, nikapokea. Stoo nahesabu 145! Nimeenda kuazima bati 5 kwa mshindani wangu, kanipa huku anacheka.

Huduma kwa wateja wananijibu mtandao mbovu, futa apu upakue upya. Mtandao wa huku nimekua nao, sihitaji kuelezwa. Si ndiyo sababu nililipa?

Chuma_Chakavu:
Mkuu, hapo tatizo ni saa. Simu moja iko mbele ya nyingine. Rudisha saa zote zijiweke zenyewe kwa mtandao, utaona mabadiliko.

Mama_Nachingwea:
Mwanangu, laini unayotumia haishiki Masasi. Mimi nilihama laini, sasa hela za wateja wangu zinaingia bila shida.

Misumari_Masasi:
Mama shikamoo, lakini mimi naongelea bati.

Fundi_Mikindani:
Usifute apu! Mauzo ambayo hayajatumwa yanakaa ndani ya simu tu. Ukifuta, yameondoka nayo.

Chuma yuko sahihi nusu. Apu nyingi hutumia saa kuamua nani kaandika mwisho, huyo ndiye anayeshinda. Lakini saa zikiwa sawasawa, mshindi atakuwa 85 au 180, na zote si kweli. Kosa ni kwamba kila simu inatuma salio. Ilitakiwa itume kilichotokea: kaunta iseme "toa 35", stoo iseme "ongeza 60", seva ijumlishe yenyewe. 120 toa 35 ongeza 60 ni 145, yeyote atakayetangulia. Kitu kama hiki:

```
{"id":"kaunta-7f3a91","bidhaa":"bati-g28","badiliko":-35}
```

Hiyo `id` inatengenezwa na simu wakati wa kuuza, kabla ya mtandao. Mtandao wetu una tabia ya kufikisha ujumbe halafu jibu likapotea njiani. Simu inadhani haikufika, inatuma tena. Pasipo namba hiyo, 35 inatolewa mara mbili unabaki na 110. Ikiwepo, seva inaona hii nimeshaipokea, inajibu sawa, haigusi hesabu.

Fungua orodha ya mauzo uone. Kama risiti ya 35 ipo na salio ni 180, basi ndiyo hiyo.

Misumari_Masasi:
Nimefungua. Risiti ipo! Yaani wanajua niliuza na bado wananihesabia bati ambazo zimeshapauliwa.

Chuma_Chakavu:
Haya nimekubali. Ila mkuu wa Mikindani, zikibaki bati 10, mtandao hakuna, kaunta ikauza 8 na stoo ikauza 8, hiyo hesabu yako itasemaje?

Fundi_Mikindani:
Itasema hasi 6, nyekundu. Na iseme hivyo hivyo. Wateja wote wameshalipa, ukiizuia seva isipokee unaficha deni tu.

Chuma_Chakavu:
Nyekundu haimpi mteja bati. Igaweni mapema, kaunta ipewe 40 zake, ikimaliza isiuze mpaka mtandao urudi.

Misumari_Masasi:
Msimu wa korosho kijana ataimaliza 40 kabla ya saa nne, anifukuzie wateja huku stoo imejaa? Hapana.

Fundi_Mikindani:
Basi gawa bidhaa ikikaribia kuisha tu. Hata hapo simu ya kaunta haijui umeshusha nini tangu asubuhi, kwa hiyo "inakaribia" yake inaweza kuwa ya uongo. Sijaona anayelimaliza hilo vizuri.

Misumari_Masasi:
Kwa leo kijana atatembea stoo kuuliza kabla ya kuuza zaidi ya 20. Na kesho nawapigia hao watu nikiwa na hiyo risiti mkononi.