Jamaa wa Mango Markets: mwizi au katumia akili tu?

Shilingi_Tatu: Wakuu, yule Avraham Eisenberg aliyeondoka na zaidi ya dola milioni 110 pale Mango Markets, jukwaa la kukopa na kuuza kripto, Oktoba 2022, baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani 2024, halafu Mei 2025 jaji wa New York akafuta hatia zote tatu za kesi ile. Sasa nauliza, yule ni mwizi au mfanyabiashara mjanja?

Kibao_Kata: Mwizi ni mwizi tu. Kadukua orakeli, ile inayoipelekea programu bei za sokoni, kailisha bei ya uongo, mkataba ukaamini. Mkataba wenyewe ni programu, haina macho ya kuchungulia sokoni, inakaa kwenye blokcheni inasubiri iletewe bei, ukiiletea uongo itajuaje? Angefanya benki angekuwa ndani mpaka leo.

dada_wa_vitabu: Hakuna kilichodukuliwa, Kibao. Orakeli ilikwenda masokoni, ikasoma bei ya MNGO, tokeni ya Mango wenyewe, ikaleta bei ileile iliyokuwepo. Jamaa ndiye aliyeipandisha bei kwa kununua kweli kwa hela yake kwenye masoko matatu, FTX ikiwemo. Ukisema orakeli ilidanganya utaenda kutengeneza orakeli na tundu litabaki palepale.

Kibao_Kata: Aa, kumbe mwalimu wetu kaamka. Mimi kripto nimeanza kabla hujajua kufungua waleti, usinifundishe.

mchuuzi_wa_feri: Jamani msigombane. Mimi swali langu, anunue tokeni zipande, sawa, hela za watu wengine zinatokaje hapo? Si angeuza tu apate faida yake?

dada_wa_vitabu: Mchuuzi ndiye kauliza la maana. Angeuza asingepata kitu, maana soko la MNGO lilikuwa jembamba, ukianza kuuza bei inarudi chini na wewe unaangukia nayo. Ndiyo maana hakuuza, alikopa.

Alifungua akaunti mbili Mango, kila moja akaiwekea USDC milioni 5 hivi, tokeni ya thamani ya dola moja. Akaunti ya kwanza ikauza mikataba ya fyucha, ya kubashiri bei bila kumiliki tokeni, milioni 483 ya MNGO kwa senti 3.82, ya pili ikanunua yote. Yaani kajiuzia mwenyewe. Mpaka hapo hajapata wala hajapoteza. Ndipo akahamia kwenye masoko ya kawaida akanunua MNGO mfululizo, na kwa vile wauzaji walikuwa wachache bei ikaruka, kilele ikagusa senti 91. Orakeli ikaiona, Mango ikapiga hesabu ya akaunti ya pili:

```
483,000,000 x (0.91 - 0.0382) = 421,079,400
```

Hiyo ni "faida" ya dola milioni 421 kwenye skrini, na Mango inakubali faida ya namna hiyo iwe dhamana. Akakopa kila kilichokuwemo, USDC, SOL na nyinginezo, akavitoa nje. Bei ikaporomoka muda mfupi baadaye, dhamana ikayeyuka, deni likabaki halina mwenyewe.

mchuuzi_wa_feri: Duh. Sasa hiyo milioni 421 nani alitakiwa kuilipa?

dada_wa_vitabu: Akaunti ya kwanza! Faida ya fyucha ni hasara ya aliye upande wa pili, na upande wa pili alikuwa yeye mwenyewe ana milioni 5 tu. Kwa hiyo ile milioni 421 haikuwa na mtu wa kuilipa tangu mwanzo, lakini programu haikuuliza "nani analipa", iliuliza "bei ni ngapi".

Ustaadh_Hela: Ni kama mtu anamuuzia shemeji yake kiwanja cha milioni 10 kwa milioni 300 ili akachukue mkopo benki kwa bei hiyo. Kosa la benki kwa kutokutuma mthamini. Wenye hela zao waliweka bila kusoma masharti, sasa wasilie.

Bi_Kidude_wa_Kigamboni: Ustaadh hapo kwenye "wasilie" umenikera kwelikweli. Mimi mwaka juzi niliweka hela kwa broka mmoja wa fareksi, siku hiyo kwenye chati yake ikatokea sindano moja ndefu, stopu losi yangu ikachomwa, nikaangalia chati ya broka mwingine dakika ileile hakuna sindano wala nini. Masharti nilisoma yote. Ungeniambia nisilie?

Ustaadh_Hela: Dada pole, lakini ya kwako bei haikuwa sokoni, ya Mango ilikuwepo. Ni tofauti.

Bi_Kidude_wa_Kigamboni: Tofauti kwako wewe ambaye hujaliwa.

Kibao_Kata: Na kiwanja milioni 10 wapi hiyo? Labda kule porini 😂 na benki gani inatoa mkopo bila mthamini?

Ustaadh_Hela: Mfano tu ndugu yangu!! Kwa hiyo hoja imekushinda unashika kiwanja.

Kibao_Kata: Hoja ni kwamba umetoa mfano usioujua.

mtoto_wa_Mombasa: Mko kurasa mbili mnabishania ploti. Turudi. Ninavyojua dawa ipo, orakeli isilete bei ya sasa hivi, ilete wastani wa muda, tuseme nusu saa, na ichukue masoko mengi iweke ya katikati. Mango wangefanya hivyo isingetokea.

dada_wa_vitabu: Umepatia nusu, Mombasa. Bei ya katikati inasaidia soko moja likiharibika. Novemba 2020 DAI, ambayo inatakiwa ikae dola 1, ilifika 1.30 kwenye soko la Coinbase Pro, jukwaa la mikopo la Compound likaifuata bei hiyo, waliokopa DAI wakaonekana wanadaiwa zaidi ya dhamana zao, zikauzwa dhamana za zaidi ya dola milioni 80. Hapo masoko mengi yangeokoa watu, na kesi ya dada wa Kigamboni inafanana na hii kuliko ya Mango. Lakini tokeni ikiwa inauzwa masoko matatu tu na yote membamba, mtu akiyanunua yote matatu hiyo ya katikati ni ipi?

Na wastani wa muda una gharama yake. Bei ikianguka kweli, mkataba unaendelea kuamini bei ya zamani, mtu anakuja na tokeni iliyokwisha thamani anakopea bei ya asubuhi. Kwa MNGO mimi ningeweka kikomo, jumla ya kinachokopwa kwa dhamana ya tokeni ile isizidi kiasi ambacho soko linaweza kununua siku moja bila bei kuvunjika. Hapo hata orakeli ikisoma senti 91, anaondoka na kidogo kuliko alichotumia kupandisha.

mtoto_wa_Mombasa: Sawa, lakini kikomo hicho anakipanga nani? Soko likinona leo kesho limekonda.

Shilingi_Tatu: Wakuu swali langu lilikuwa mwizi au si mwizi 😅

Ustaadh_Hela: Jaji kashajibu. Si mwizi.

dada_wa_vitabu: Hakusema hivyo. Makosa mawili ya kuchezea soko aliyafuta kwa sababu kesi ililetwa New York wakati jamaa alifanyia Puerto Rico. La tatu, la ulaghai, alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba alimdanganya mtu, maana Mango ilikuwa programu isiyokuwa na sharti lililokataza alichofanya. Na kumbuka alirudisha kama milioni 67 baada ya wenye tokeni kupiga kura wakubali abaki na nyingine.

Kibao_Kata: Asiye mwizi anarudisha nini sasa?

Ustaadh_Hela: Mwizi gani anajitangaza Tuwita kwa jina lake kwamba ni mimi, nimefanya biashara yenye faida?

Bi_Kidude_wa_Kigamboni: Mwizi mwenye wakili mzuri.

mchuuzi_wa_feri: Mimi nina tokeni nimeweka dhamana mahali, nikiangalia kwa siku inauzwa dola elfu 40 hivi, na wanaruhusu watu wakopee hadi milioni 2. Nitoe?

Kibao_Kata: Taja jina la tokeni kwanza.