Bidhaa k zinazojirudia zaidi: hipu au ndoo?

Chebet, Nakuru
Salaam, wanajukwaa. Nina faili la mauzo ya duka la jumla lenye mistari 1,000,000, kila mstari ukiwa na msimbo mmoja wa bidhaa. Bidhaa tofauti ni 400 tu, nami nahitaji kumi zinazojirudia zaidi. Je, nitumie hipu au nizipange katika ndoo kwa idadi ya marudio?

Otieno, Kisumu
Dada Chebet, tumia ndoo. Hipu ni O(n log k) ilhali ndoo ni O(n), kwa hiyo ndoo hushinda siku zote.

Mwalimu Barasa, Kakamega
Ndugu Otieno, hapo kwenye "siku zote" ndipo sikubaliani nawe. Njia zote mbili huanza kwa kuhesabu mistari yote milioni moja. Baada ya hapo hipu hupokea bidhaa tofauti, si mistari, kwa hiyo gharama ni O(n + m log k), na m hapa ni 400. Hipu ya nafasi kumi huweka kileleni bidhaa yenye marudio machache kuliko wenzake. Isiyoizidi hiyo hutupwa kwa ulinganisho mmoja tu, na inayoizidi hushuka ngazi tatu hivi.

Ndoo, jinsi wengi wanavyoziandika, huundwa n + 1. Katika Python orodha tupu huchukua baiti 56 na kielekezi chake baiti 8, kwa hiyo unatenga takriban megabaiti 64 kwa ajili ya bidhaa 400. Kisha unashuka kutoka ndoo ya 1,000,000, na ikiwa bidhaa inayoongoza imeuzwa mara 60,000, utapita ndoo tupu 940,000 kabla ya kuifikia. Afadhali kutumia marudio ya juu kabisa:

```python
ndoo = [[] for _ in range(max(hesabu.values()) + 1)]
```

Ndoo hunifaa pale m inapokaribia n na k ni kubwa, maana hapo ndipo log k huanza kuhisiwa. Kwako wewe, `Counter(misimbo).most_common(10)` inatosha, nayo ndani hutumia hipu.

Ouma, Kibuye
Mimi nina bei za nyanya za hapa sokoni na ninataka tano za juu. Nitumie ndoo ngapi?

Mwalimu Barasa
Ouma, wewe unatafuta thamani kubwa, si marudio. Ndoo hufanya kazi kwa sababu marudio ni nambari kamili kati ya 1 na n. Bei haina mpaka huo. Tumia `heapq.nlargest(5, bei)`.

Chebet
Asante, Mwalimu. Lakini bidhaa ya kumi na ya kumi na moja zina marudio sawa, na hipu imeiacha moja bila kunijulisha.

Otieno
Ndiyo maana bado nazitetea ndoo: hizo mbili zingekuwa ndani ya ndoo moja, ungeziona pamoja kabla ya kukata.

Mwalimu Barasa
Ungeziona, ndiyo, lakini bado ungelazimika kuamua ipi ibaki. Dada Chebet, mwenye duka anataka kumi kamili, au anataka zote zilizofungana?