Bipele bya kisha kunyoa ndevu na miguu: tupeane uzoefu

Gardi wa Nguba
Jambo ba ndugu na ba dada. Mimi niko gardi, na shef anataka kila asubui tufike uso safi, ndevu hapana. Sasa chini ya taya mupaka kwenye shingo bipele bimejaa, bingine unaona kabisa unywele umejikunja ndani, bikikauka binaacha alama nyeusi. Ninatumiaka wembe ya kutupa ya majani matatu, nanyoa kwa kupandisha juu, siku ile ngozi inakuwa laini sana, kisha siku mbili hivi moto inaanza. Walio na hii shida walifanya nini, na ni wakati gani mtu aende ospitali? Na ya miguu pia semeni, juu dada yangu analia na yake. Lakini tupeane kitu mtu alifanya mwenyewe, siyo ya kusikia kwa jirani.

Chanda wa Esansi
Yaya, iyo ni mikrobe tu, wembe chafu. Mi nikimaliza kunyoa napakaa alikoli ya 90, inauma kidogo, imeisha. Na kuna tyubu moja ndogo ya soko ya Kadutu, ile ba mama banachanganyaka mu mafuta ya kungarisha ngozi, pakaa asubui tatu tu, bipele bimelala. Mi sikosaki nayo ku nyumba.

Kinyozi Nyawera
Chanda, uko sawa nusu. Wembe chafu inaleta mikrobe, na wembe ya kuazimana inaweza kupitisha hepatiti B na virusi vya ukimwi, mtu asikudanganye ati amepangusa na karatasi. Lakini bipele bya huyu gardi bitakuja hata wembe ikitoka mu karatasi yake leo, juu shida iko mu unywele yenyewe. Ndevu zetu zinaota zimepinda. Wembe inazikata kwa upande, zinabaki na ncha kali kama sindano, zikiota tena zinapinda na kurudia kutoboa ngozi. Na wembe ya majani mengi inaongeza ingine: jani la kwanza linavuta unywele, la pili linakata, kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi na kinaweza kutoboa ndani kwa ndani, mbele hata ya kutoka inje. Ule ulaini wa siku ya kwanza unaoupenda njo mwanzo wa shida. Kuvuta ngozi na vidole ili ikaze, au kunyoa kwa kupandisha, vyote vinafika palepale.

Niko na kliyenti mmoja, mwalimu, alifika shingo yote imevimba anataka nimunyoe "karibu zaidi". Nilikatala. Nikamwambia aache ndevu ziote wiki ine. Hazikupita siku nyingi akarudi na kasirani, ati bipele bimeongezeka, na kweli mwanzo vinaongezekaka, juu zile zilizokatwa ziko njiani kurudi mu ngozi. Lakini zikirefuka, kama sentimeta moja hivi, zinajivuta zenyewe na kuchomoka. Asubui alikuwa anaweka kitambaa ya maji ya vuguvugu dakika tano, kisha anasugua polepole kwa kuzungusha. Unywele uliofanya pete inje ya ngozi alikuwa anainua ncha na sindano iliyopanguswa na alikoli, inatoka inje, basi, anaacha pale. Hakuna kungoa! Ukiingoa, ingine inaota chini palepale inatoboa tena. Wiki ya ine shingo ikawa imetulia. Alama nyeusi ndiyo zilibaki, zile zinachukua miezi.

Leo hatumii wembe. Tunapita na tondezi na kichana chake kidogo, tunaacha kama milimeta moja, kila siku mbili tatu. Kwa mbali unaona mtu amenyolewa. Kurani ikikatika anakuja na ndevu zake, tunacheka, lakini wembe haguse.

Sista wa Panzi
Kwa miguu mi nilikuwa nanyoa mu haraka, kavu, kwa kupandisha toka kwa kifundo. Mapaja ndiyo yalikuwa yanaumia zaidi, nadhani ni jinzi ya kubana, nguo inasugua pale pale mchana kutwa. Sasa nanyoa mwisho wa kuoga, unywele ukiwa umelowa vizuri, povu mingi ya sabuni, wembe ya jani moja, nafuata kule unywele unalala, pahali pamoja sirudie mara nyingi. Napunguza kunyoa pia. Vipele vimepungua, havijaisha. Nta nilijaribu, miguu ilikaa safi muda mrefu, lakini wakati wa kuota tena ilikuwa fujo. Kuna wenye nta inawasaidia kweli?

Mama Chance
Mimi mutoto wangu wa miaka saba kisha kunyolewa kichwa alipata viduara, nywele zinakatika, anajikuna sana. Nimupakae hii ya sindano na maji ya moto?

Muuguzi wa zamu
Mama Chance, hapana, ya mutoto ni ingine. Viduara vyenye nywele kukatika mara nyingi ni choa ya kichwa, inaambukiza ba ndugu zake, na pomadi peke yake haitoshi, inaomba dawa ya kumeza wiki kadhaa. Umupeleke akaonwe.

Chanda ndugu yangu, ile tyubu soma maandishi madogo. Nyingi zina klobetazoli, ni kortizoni kali sana. Bipele vinalala kweli, lakini ngozi ya uso inakuwa nyembamba, ukiacha vinarudi na hasira, na kama ndani kuna usaha unaufunika tu. Kwa uvimbe tunatumia hidrokortizoni ya 1%, kidogo, siku chache. Na alikoli ya 90 kila siku inaunguza ngozi, maji ya baridi yanatosha kutuliza.

Sasa ya ospitali, juu hakuna aliyejibu. Kipele kidogo chenye unywele ndani, hata kikiwa na kichwa cheupe, hakiko lazima mikrobe, mara nyingi ngozi inapigana tu na unywele wake. Mimi ninaangalia kama kinakua kila siku, kinakuwa cha moto na kigumu, wekundu au weusi unatambaa kuzunguka, maumivu yanapiga-piga, tezi za shingo zimevimba, au homa. Pale usingoje. Jipu likiiva linapasuliwa na kutolewa usaha, na antibiotiki munganga anachagua, siyo nusu ya plaketi ya ampisilini iliyobaki kwa jirani. Kati ya pua na mdomo usikamue kabisa. Jicho likianza kuvimba, unaenda usiku ule ule. Na mtu anayepata majipu kila mara apime sukari, hapo hapo mtu anaweza kugundua ana diabeti hajui.

Chanda wa Esansi
Eeh nimeangalia tyubu, imeandikwa hivyo hivyo. Lakini nikiacha uso utakuwaje?

Muuguzi wa zamu
Uko unapakaa tangu lini? Kama ni miezi usiache kwa gafla peke yako, pita kwa munganga wa ngozi akuonyeshe namna ya kupunguza polepole.

Gardi wa Nguba
Aksanti ba yaya. Kazi ndogo imebaki: wiki ine bila kunyoa, shef ataelewa?

Kinyozi Nyawera
Omba munganga akuandikie karatasi. Mwalimu wangu hakuombwa karatasi, direkta wake mwenyewe ana ndevu. Akikatala, anza na tondezi ya milimeta moja leo leo, itapona polepole zaidi lakini hautaongeza bidonda.

Gardi wa Nguba
Shef wangu anapimaka na kidole.