Daraja la Nyerere au kivuko cha Magogoni: kipi kinafaa kwa gari langu?

Mwana Kibada
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa navuka huu mto wetu kutoka Kigamboni kwenda mjini Dar es Salaam siku sita kwa wiki. Uamuzi uliobaki ni mmoja: nilipie kifurushi cha mwezi cha tozo ya daraja, au nitumie kivuko, ambacho kwa ramani ni njia fupi zaidi ingawa kina foleni. Naomba ushauri wa wanaovuka kila siku.

Fundi Mstaafu
Ndugu yangu, hujatueleza lolote la kutuwezesha kukujibu. Gari ni la aina gani, linabeba nini, unaondoka saa ngapi, na huo mjini unaousema ni Posta, Kariakoo au Buguruni? Mwenye pikipiki anayekwenda Posta na mwenye lori linalokwenda Tazara hawawezi kupewa jibu moja.

Bi Mjimwema
Mimi nasema daraja, wala sihitaji kujua gari. Nimevuka hapo tangu lilipofunguliwa mwaka 2016, na tozo zilipopunguzwa mwaka 2022 na vifurushi vya siku, wiki na mwezi vikaanza, sikuona tena sababu ya kukaa Magogoni nikinusa samaki wa Feri. Kivuko ni cha kuogopwa hasa maji yanapojaa, kwa sababu wakati huo kinayumba.

Mzee wa Pwani
Kwanza, huo si mto. Ni mkono wa bahari unaopokea mito ya Kizinga na Mzinga. Silisemi hili kwa kupenda ubishi, bali kwa sababu ndilo linaloamua swali la gari. Kwenye kivuko cha mto maji hayabadiliki sana kati ya asubuhi na jioni, lakini hapa, siku za bamvu, yaani mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Na hapo, Bi Mjimwema, nakupinga kwa heshima: gari haliteswi maji yakijaa, linateswa yakipwa. Maji yakishuka, kivuko hushuka nayo na mlango wake hutua sehemu ya chini ya gati, kwenye tope na utelezi, hivyo gari huteremka mteremko mrefu na papo hapo hutakiwa kuupanda mlango. Mteremko na mpando vinapokutana ndipo bampa la mbele au mkia wa nyuma hugusa chini.

Dereva wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu mwaka 2021 tulifunguliwa daraja la kuelea pale Liwatoni, na watu wakawa wanavuka bila kusubiri feri. Ningekushauri uvuke kwa miguu, upande daladala ng'ambo.

Fundi Mstaafu
Ndugu wa Likoni, mwenzetu ameuliza kuhusu gari.

Mwana Kibada
Samahani, nilidhani maelezo hayo hayana uzito. Gari ni kirikuu, Suzuki Carry, na fundi alinirefushia bodi kwa nyuma ili trei zitoshe. Nabeba trei 150 za mayai, naondoka nyumbani saa kumi alfajiri ili niwe gatini au darajani saa kumi na moja, halafu narudi mtupu kati ya saa nne na saa tano. Wateja wangu wengi wako Kariakoo, na wawili wako Buguruni.

Binti wa Tungi
Bodi iliyorefushwa! Nisikilize kwa makini, maana hili lilinipata. Nilikuwa na gari dogo la chini, nikaongezewa springi fupi kwa ajili ya urembo tu, na kosa hilo ni langu mwenyewe. Siku moja nilifika Magogoni kama saa nne na nusu asubuhi, mwezi ukiwa mpevu, nikiwa na gunia mbili za mchele kwenye buti. Aliyenitangulia alikuwa na gari la juu, akapita bila shida, nami nikamfuata kwa mwendo uleule. Magurudumu ya mbele yalipopanda mlango nilisikia mkwaruzo mrefu chini ya kiti changu, nikadhani ni kokoto, nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalipoanza kupanda, mkia ulikaa chini, ekzosi ikanasa kwenye ukingo wa chuma na kung'oka kwenye kishikio chake. Gari likasimama nusu chini nusu juu, watu wakinitazama, na wapanga magari wakanisukuma huku maji ya chumvi yakipiga magurudumu. Nilivuka nikinguruma kama trekta. Ningeshusha mchele ukabebwa na mkokoteni, au ningesubiri kwa muda wa saa mbili maji yapande, yasingetokea.

Mzee wa Pwani
Hicho ndicho nilichokisema. Sasa tupime kirikuu cha mwenzetu. Trei 150 ni mayai 4,500, na yai moja likiwa na gramu 60 hivi, hapo kuna kilo 270 kabla ya kuhesabu trei zenyewe. Kwa gari lililotengenezwa kubeba kilo 350 huo si mzigo wa kupita kiasi, lakini ukipangwa nyuma ya ekseli ya nyuma, mkia utakaa. Pakia gari kama unavyopakia kila siku, kisha pima kwa futi kutoka tairi la nyuma hadi mwisho wa bodi, na kutoka chini ya bodi hadi ardhini. Mkia wa sentimita 110 ulio juu kwa sentimita 17 tu utagusa popote mpando unapozidi kama sentimita 15 kwa kila mita.

Hata hivyo saa zako zinakusaidia. Siku za bamvu maji hapa hujaa karibu na saa kumi alfajiri na hupwa kabisa saa nne hadi saa tano. Kwa hiyo ukiwa na mayai utakuta maji yako juu, na kupwa kwenyewe kutakukuta ukirudi mtupu, mkia ukiwa umeinuka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa huangukia alfajiri, lakini si kupwa kwa kutisha.

Bi Mjimwema
Na foleni je? Kivuko kimoja kikiwa matengenezoni, mayai yatasubiri gatini mpaka jua litoke.

Fundi Mstaafu
Mama ana haki hapo. Naongeza kwamba maji ya chumvi yanayorukia chasisi hula vyuma polepole, kwa hiyo anayepanda kivuko kila siku aoshe chini ya gari kwa maji baridi kila wiki. Juu ya tozo, usilinganishe bei ya mwezi na bei ya siku moja. Siku 26 ni safari 52 ikiwa unakwenda na kurudi darajani, lakini ni 26 tu ukirudi kwa kivuko, na huenda kifurushi kisikulipe.

Msafiri wa Kongowe
Mbona hakuna anayetaja barabara ya kupitia Kongowe na Mbagala? Haina tozo wala kivuko.

Fundi Mstaafu
Haina tozo, lakini kwa mtu wa Kibada anayekwenda Kariakoo ni kuzunguka, na tozo uliyoikwepa utailipa kwenye kituo cha mafuta.

Mwana Kibada
Nimepima jioni hii nikiwa na trei zote: mkia sentimita 105, juu sentimita 19. Wateja wa Buguruni wananivuta darajani, kwa kuwa nikitokea Kurasini naingia barabara ya Mandela moja kwa moja. Wa Kariakoo wananivuta kivukoni. Nadhani wiki ya kwanza nitachukua kifurushi cha wiki, si cha mwezi.

Binti wa Tungi
Kabla ya hapo mwambie fundi akupunguzie hiyo bodi.

Mwana Kibada
Nikiipunguza, trei 40 zitabaki nyumbani, dada yangu.