Bosi anakalia barua ya kibali hadi bei ipande, kisha anakataa kwa sababu bei imepanda

MtamboHewa_Mbarara

Wakuu, nimechoka na mchezo huu na najua si ofisi moja tu Uganda inayoucheza. Mtu anaomba kwenda kongamano nje, anaweka gharama, anaweka faida, anaweka ratiba. Barua inalala mezani. Hakuna "ndiyo", hakuna "hapana". Dirisha la usajili wa mapema likishafungwa na tiketi zikipanda, ndipo bosi anafungua faili na kuandika kwa wino mwekundu: "Gharama ni kubwa."

Gharama imekuwa kubwa kwa sababu umeikalia, mzee!

Hesabu ya mfano, kongamano la siku 3 Ujerumani, tarehe 13 hadi 15 Oktoba. Usajili wa mapema dola 400, tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Entebbe 900, hoteli usiku 4 kwa 100, chakula na usafiri wa mjini siku 5 kwa 50, viza kama 100, bima 40. Jumla dola 2,090. Ukichelewa, usajili unakuwa 550 na tiketi 1,200, jumla 2,540. Tofauti ni dola 450, na ukipiga dola kwa shilingi 3,700 hiyo ni 1,665,000. Hela hizo hazikununua hata kalamu. Zimelipia ukimya wa mtu mmoja.

Na huo ukimya unaua viza pia. Maombi ya viza ya Shengeni hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini wana haki ya kufika 45. Ukiondoka tarehe 11 Oktoba, siku 45 nyuma ni tarehe 27 Agosti. Faili haliwezi kusimama bila barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, ruhusa ya likizo, nani analipa na lini unarudi kazini. Barua hiyo anaandika nani? Huyohuyo anayekalia!

Kijana_wa_Ntinda

Pole ndugu. Dawa ni kununua tiketi mapema kwa hela yako, kisha unampelekea bosi risiti. Akiona imeshalipwa, ataona aibu kukataa.

Mama_Hesabu

Kijana, kwamba tiketi ya mapema ni nafuu, hapo uko sahihi. Mengine yote hapana. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba umeshika nafasi ya ndege, na hiyo hupatikana bila kulipa tiketi kamili. Viza ikikataliwa, tiketi ya bei ya chini kwa kawaida hairudishwi, na yuro 90 za maombi hazirudi vilevile. Na kwa upande wa mhasibu, matumizi yaliyofanywa kabla ya kibali hayalipiki. Nikikulipa, mkaguzi ataniuliza mimi, si wewe.

Mleta uzi, hasira yako ni ya haki, ila angalia kalenda ya fedha. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na ofisi nyingi zinaufuata. Safari ya Oktoba inalipwa na bajeti mpya, na bajeti hiyo hupangwa miezi mingi kabla. Ombi likifika Julai bila kuwa na kasma yake, bosi hata akipenda hana pa kuchota. Wengi wanaonyamaza wanaogopa kusema neno hilo.

Nyoka_wa_Gulu

Mimi nina semina Nairobi mwezi ujao. Je, na mimi nahitaji barua ya mwajiri kwa ajili ya viza?

Mama_Hesabu

Hapana mwanangu. Mganda anaingia Kenya bila viza, hata kwa kitambulisho cha taifa. Beba kadi ya homa ya manjano. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, usikubali kuuziwa kingine eti cha zamani kimeisha muda. Barua ya ruhusa kazini ni jambo jingine, hiyo chukua.

Mkuu_wa_Idara

Nami niseme, maana ndiye mnayemtukana. Mimi nasaini maombi haya. Mengi yanasema "nitakutana na wataalamu na kupata ujuzi mpya." Nikisaini hilo, mkurugenzi akiniuliza hospitali inapata nini, nijibu nini? Na wengine wakirudi hawarejeshi masurufu kwa wakati, risiti hazionekani, na anayefuata ananyimwa kwa deni la mwenzake.

Kwa jina lako, mleta uzi, naona unashughulika na oksijeni. Basi niandikie hivi: mtambo wetu unatakiwa kutoa oksijeni yenye usafi wa asilimia 93, ikipungua au kuzidi kwa 3. Sasa inagusa 90. Chanzo kinachoshukiwa ni unyevu unaopita kwenye kikaushio na kuharibu zeolaiti, zile punje zinazonasa naitrojeni ili oksijeni ibaki. Kongamanoni kuna kikao cha matunzo ya vikaushio, siku fulani, saa fulani. Ambatanisha na bei ya muuzaji ya kubadilisha zeolaiti yote. Hapo nina namba mbili za kulinganisha, na nasaini siku hiyohiyo.

MtamboHewa_Mbarara

Mkuu, nakubali kuhusu faida, tena umelenga. Lakini "siku hiyohiyo" wangapi wanaifanya? Na mpango wa kuwafundisha wenzetu nao mmeuharibu nyinyi wakubwa. Mnadai ripoti ya kurasa 20, inaingia kabatini. Fundi wa zamu ya usiku haioni.

Mpango wenye maana ni huu: ndani ya wiki 2 baada ya kurudi, nusu siku palepale kwenye mtambo, mafundi wa zamu zote. Wafungue mifereji ya maji ya kompresa kwa mikono yao, wasome kipimo cha unyevu baada ya kikaushio, waandike usafi wa oksijeni asubuhi na jioni kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Atajwe fundi mmoja wa kusimamia karatasi hiyo nikiwa sipo. Baada ya miezi 3 bosi aje asome ukutani. Kama usafi haukupanda, aniite.

Kijana_wa_Ntinda

Waandaaji wakilipa kila kitu je? Hapo bosi hana la kusema.

Mama_Hesabu

Ana la kusema, kijana, maana siku zako ni za mwajiri. Halafu soma barua yao vizuri. Wengi wanaposema "tunagharamia" wana maana unalipa kwanza, wao wanarudisha baadaye. Na wakitoa hoteli na chakula, posho yako lazima ipungue. Usipolitaja hilo kwenye ombi, mhasibu atalikuta na ataona umeficha.

Ushauri wangu kwa mleta uzi: tenganisha barua mbili. Ya kwanza iombe ruhusa ya siku na barua ya ubalozi, haigusi fedha, hivyo bosi hana sababu ya kuikalia. Ya pili ya gharama, na juu kabisa iandikwe tarehe ambayo bei inabadilika na inabadilika kwa kiasi gani. Akipita tarehe hiyo, tofauti iko kwenye faili na jina lake liko juu yake.

Mkuu_wa_Idara

Barua mbili sawa. Lakini barua ya ubalozi lazima itaje nani analipa, kwa hiyo haikwepi fedha kabisa kama Mama anavyosema.

Mama_Hesabu

Hapo umenikamata. Basi iseme mfanyakazi atajigharamia au waandaaji watalipa, endapo ni kweli. Kama mlipaji ni ofisi, zote mbili ziende pamoja.

MtamboHewa_Mbarara

Na viza ikikataliwa, zile yuro 90 nani anazibeba? Sera ya kwetu haisemi kitu. Mkuu, ya kwenu inasemaje?

Mkuu_wa_Idara

Ya kwetu nayo haisemi. Mpaka leo kila mtu amebeba ya kwake.